Wastani wa fremu nyingi: chenga hupungua kwa kiasi gani?

Anayepiga picha ya ukuta wa kijivu ndani ya chumba chenye mwanga hafifu hupata picha yenye chenga, kwa maana kwamba pikseli zinazopaswa kulingana hupanda na kushuka bila mpangilio. Dawa inayofahamika ni kuifunga kamera kwenye stendi, kupiga fremu nyingi za mandhari ile ile, kisha kutafuta wastani wa kila pikseli. Dawa hiyo inafanya kazi, ila matarajio yanayoambatana nayo mara nyingi hayalingani na hesabu. Tuchukue fremu 64 za ukuta huo, kila moja ikiwa na chenga zenye mkengeuko sanifu wa 8 katika kipimo cha 0 hadi 255.

Dhana: fremu 64 hupunguza chenga mara 64. Kinachopungua mara 64 ni varianse, yaani mraba wa mkengeuko sanifu. Varianse ya fremu moja ni 8 × 8 = 64. Fremu zikijumlishwa, varianse zao nazo hujumlishwa na kufika 4096. Na jumla hiyo ikigawanywa kwa 64 ili kupata wastani, varianse hugawanywa kwa mraba wa 64, ambao pia ni 4096, hivyo hubaki 1. Jicho, hata hivyo, haliioni varianse bali ukubwa wa mikengeuko, ambao ni kipeuo chake cha pili: umeshuka kutoka 8 hadi 1, yaani mara 8 tu. Kwa hiyo fremu 4 hupunguza chenga kwa nusu, nusu ya pili inahitaji fremu 16, ya tatu 64 na ya nne 256.

Dhana: fremu zikiongezwa, chenga zote huisha. Hesabu hiyo inasimama juu ya sharti moja, kwamba kosa la pikseli katika fremu moja lisihusiane na kosa lake katika fremu nyingine. Kupanda na kushuka kwa mwanga wenyewe bila mpangilio hutimiza sharti hilo. Lakini kila kihisio cha kamera kina pikseli ambazo siku zote husoma juu kidogo au chini kidogo ya jirani zake, na alama hiyo ya kudumu haiguswi na wastani hata kidogo. Tuseme mkengeuko wake ni 1.5. Baada ya fremu 64 varianse yote ni 1 + 2.25, na mkengeuko ni takriban 1.8 badala ya 1. Baada ya fremu 256 ni takriban 1.6. Kazi imeongezeka mara nne na faida haionekani kwa macho.

Kulitambua hilo ni rahisi. Fremu zigawanywe katika makundi mawili ya 32, moja la namba witiri na jingine la namba shufwa, wastani mmoja utolewe katika mwingine, na tofauti igawanywe kwa 2. Mandhari na alama ya kudumu hufutika zote, na kinachobaki kina mkengeuko ule ule wa chenga nasibu zilizomo katika wastani wa fremu 64, hapa 1. Ukuta wenyewe ukipimwa katika wastani huo na kutoa 1.8, ziada hiyo si ya kutibiwa kwa kuongeza fremu. (Ukuta uwe umemulikwa sawasawa, la sivyo utapima kivuli.)

Dhana: fremu moja ya giza yatosha kufuta alama ya kudumu. Fremu ya giza hupigwa lenzi ikiwa imefunikwa, kwa muda ule ule wa mwanga, na hutolewa katika picha. Nayo ina chenga zake, na kutoa hakupunguzi varianse, huijumlisha. Chenga za giza zikiwa na mkengeuko wa 3, fremu moja huongeza 9 juu ya 1, na matokeo ni takriban 3.2, mabaya kuliko 1.8 tuliyoikimbia. Wastani wa fremu 64 za giza huongeza 0.14 tu. Sehemu ya alama inayokua pamoja na mwanga haitoki kwa njia hii. Hiyo husahihishwa kwa picha za uso uliomulikwa sawasawa.

Dhana: wastani hurejesha weusi halisi. Pikseli ambayo thamani yake ya kweli ni 0 ingepaswa kupanda na kushuka kwa 8, lakini faili isiyoweka namba hasi hugeuza kila mshuko kuwa 0. Mipando peke yake ndiyo inayohesabiwa, na wastani, hata wa fremu elfu, hutulia karibu na 3.2, ukiacha ukungu wa kijivu kwenye vivuli. Ndiyo sababu kamera nyingi, katika faili ghafi, huweka weusi juu ya sifuri, na kiwango hicho hutolewa baada ya wastani kupatikana, si kabla.