Nimeituma au nimeitumia: kutafsiri ujumbe wa hela bila kugombanisha watu

Soko la mahindi la Kibaigwa, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, linaleta wanunuzi wasiojua Kiswahili, au wanaokijua kwa namna nyingine. Biashara yao na madalali inapita kwenye ujumbe mfupi wa simu, na mara nyingi yupo kijana katikati anayetafsiri. Nachukua ujumbe mmoja wa kawaida kabisa wa mnunuzi anayeandika Kiingereza: "I have sent it. Send me airtime, I call you." Maneno machache, lakini yana mitego ya kutosha kusimamisha lori.

Mtego wa kwanza uko kwenye herufi moja. Mtafsiri anaona neno la Kiingereza "it" linalosimama badala ya hela, anataka nalo lionekane kwenye kitenzi, anaandika "Nimeitumia." Dalali akisoma hapo anaelewa kwamba hela imeliwa. Kutuma ni kupeleka, lakini ukiongeza i ya kumtendea mtu unapata kutumia, na kutumia hilo hilo ndilo neno letu la matumizi. Kinachotenganisha maana hizo mbili ni kiambishi kinachokaa kabla ya mzizi. Kikiwa cha mtu, kama "nimekutumia" au "amenitumia", msikilizaji anaelewa kwamba kitu kimepelekwa kwa mtu. Kikiwa cha kitu, kama "nimeitumia" au "nimezitumia", hela imeisha. Kisipokuwepo kabisa, "nimetumia laki mbili" nayo ni matumizi.

Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi hicho, kwa hiyo huwezi kumweka mpokeaji na hela pamoja. Mweke mpokeaji, hela itaje kwa kiasi: "Nimekutumia 500,000." Ukilazimika kuacha mpokeaji, andika "nimeituma", ingawa hiyo inasikika zaidi kama kifurushi kilichopakiwa kwenye basi. Uangalifu ni ule ule ukiondoa mtendaji: hela "imetumwa" iko njiani au imefika, hela "imetumika" haipo tena.

Ukitafsiri kwenda upande wa pili, hatari ni ile ile. Dalali akiandika "umeitumia?" kwa haraka akikusudia "umeituma?", usimpelekee mnunuzi swali la kumtuhumu kula hela. Muulize dalali kwanza.

Kuna sehemu moja ambapo hata kiambishi cha mtu hakikuokoi, nayo ni "nitumie". "Nitumie 5,000" ni ombi la kutumiwa, lakini kwa maandishi linaweza pia kuwa swali la mtu anayeomba ruhusa ya kutumia 5,000 uliyomwachia. Kwa sauti tunatofautisha bila kufikiri, ila kwenye simu alama ya kuuliza huwa haiandikwi. Andika "unitumie" au "naomba unitumie", na utata unaisha. Vijana wanaosema "nirushie" nao wako salama, kwa kuwa kurusha hakuna maana ya pili ya kumaliza hela.

Sasa wakati. "Nimetuma" inasema kazi imekwisha. "Natuma" au "ndio natuma" inasema mtu ameshika simu, au anakusudia kuishika. Wakongomani wanaoandika Kifaransa hutumia wakati uliopo kwa jambo ambalo bado hawajalifanya: "Je t'envoie ça" ni ahadi, na Kiswahili chake ni "nakutumia sasa hivi". Kilichokwisha ni "Je t'ai envoyé". Mtafsiri akigeuza ahadi kuwa "nimekutumia", dalali ataanza kupakia magunia kwa hela ambayo haijaondoka kwenye simu ya mwenyewe.

Majibu ya dalali yana ugumu wake. "Haijaingia", au kama wengi tunavyosema, "haijasoma", ina bado ndani yake: nasubiri, pengine mtandao unasumbua. "Haikuingia" inafunga hesabu. Kiingereza na Kifaransa vinahitaji neno la nyongeza ili kuleta ule ubado, yaani "It has not come in yet" na "Ce n'est pas encore arrivé". Ukiliacha, mnunuzi anasoma kwamba muamala umeshindikana, na anaweza kutuma mara ya pili. Kabla ya kutafsiri jibu lolote kati ya hayo, mwambie dalali aangalie salio lake mwenyewe kwenye menyu, kwa mfano *150*00# kwa M-Pesa. Ujumbe uliosambazwa kutoka simu ya mtumaji si uthibitisho, hata ukiwa na namba ya muamala, maana mtu anaweza kuuandika kwa mkono.

Kisha ya kutolea. Hapa ndipo watu wanapokorofishana kweli, kwa sababu kila upande unaamini umesema ukweli. Tuseme malipo ya awali ni 500,000 na makato ya kutoa kwa wakala ni 8,000. Mnunuzi akiandika "500,000 na ya kutolea", dalali anategemea kuona 508,000 kwenye simu. Mnunuzi huyo huyo anaweza kuwa alikusudia kwamba makato yamo ndani ya 500,000, na kwa hiyo mkononi zibaki 492,000. Neno "na" halitoshi kuamua. Andika "500,000, ya kutolea imo humo humo" au "500,000, ya kutolea nimeongeza juu, jumla 508,000". Kwa Kiingereza ni "including the withdrawal fee" dhidi ya "plus the withdrawal fee", kwa Kifaransa "frais de retrait compris" dhidi ya "frais de retrait en plus". Mimi huwa naweka jumla hata kama sentensi imeeleweka, kwa sababu jumla ndiyo namba ambayo mpokeaji ataiona kwenye simu yake.

Taja pia hela ni ya nini. Matapeli walishatuzoesha ule ujumbe wa "ile hela nitumie kwenye namba hii", na nguvu yake yote iko kwenye neno "ile": kila anayesubiriwa hela anadhani ni yake. Tafsiri inayosema "ile hela nimekutumia", bila kiasi wala gunia ngapi, inafanana mno na ujumbe huo.

Inabaki vocha. Kwetu kukwangua kadi kumepungua lakini jina limebaki, kwa hiyo "naomba unitumie vocha ya 1,000" inaeleweka Dodoma nzima. Menyu za simu husema muda wa maongezi, ambayo ni sahihi ila hakuna anayeiongea. Mkenya ataandika "nitumie kredo" au "nisambazie", kutokana na huduma ya Sambaza ya Safaricom, na dalali wa Kibaigwa anaweza kujiuliza asambaze nini. Mkongomani ataomba "des unités". Kosa baya zaidi ni kulichukua neno la Kiingereza "credit" na kuligeuza "mkopo", kwa sababu sasa mnunuzi anaonekana anakopa kwa dalali kabla hata ya kuona mahindi. Na anayetaka intaneti hataki vocha, anataka bando, hivyo muulize kabla ya kutuma. Ujumbe wetu wa mwanzo basi, baada ya kumuuliza mnunuzi kiasi, makato na mzigo, unakuwa hivi:

"Nimekutumia 508,000 kwa M-Pesa, 500,000 ni malipo ya awali ya gunia 10, 8,000 ya kutolea. Naomba unitumie vocha ya 1,000 nikupigie."