Je, wajua kwa nini slaidi tatu zinatosha kuwasilisha mradi wa fildi?

"Nimefanya fildi wiki nane, ripoti yangu ina kurasa arobaini. Nitaiwekaje kwenye dakika kumi na slaidi tatu?"

Ripoti iache mezani. Timu ya ofisi ulikofanya fildi inataka kujua ulichokigundua na wafanye nini nacho. Ukifuata mpangilio wa chuo, yaani utangulizi, malengo, mbinu, dakika ya sita itakukuta bado unawaeleza historia ya ofisi yao wenyewe.

Nitumie mradi wangu, nilipokuwa fildi kwenye mamlaka moja ya maji. Mtaa mmoja ulipokea uniti 4,000 kwa mwezi, zikalipiwa 2,600. Uniti 1,400 zilipotea, na karibu kila mtu ofisini aliamini zinaibwa. Slaidi yangu ya kwanza haikuandikwa "Matokeo". Iliandikwa: "Hadi nusu ya maji yanayopotea huenda yanavuja ardhini." Hapo nilitumia dakika moja.

Slaidi ya pili ilikuwa grafu moja tu, nayo ilichukua dakika nne. Nilianza kwa kueleza pande zake mbili: huku saa za siku, huku maji yanayopita kwenye mita kuu. Mstari unapanda saa 12 asubuhi watu wakioga, unashuka mchana, unapanda tena jioni. Kisha nikaweka kidole kwenye saa 9 usiku. Mtaa mzima umelala, lakini mita kuu bado inasoma uniti 1 kwa saa. Nikanyamaza kidogo, waione wenyewe. Uniti 1 mara saa 24 mara siku 30 ni 720 kwa mwezi, kama nusu ya zile 1,400 zilizopotea. Laiti ningejaza maandishi pembeni ya grafu, wangeyasoma badala ya kunisikiliza, maana mtu hawezi kusoma sentensi moja huku akifuata nyingine kwa sikio.

Slaidi ya tatu ilikuwa na mambo mawili. Kwanza, udhaifu wa hesabu: usiku presha huwa kubwa, mabomba huvuja zaidi kuliko mchana, na matangi ya baadhi ya nyumba hujaa saa hizo. Kwa hiyo 720 ni kiwango cha juu kabisa. Useme mwenyewe kabla fundi mkongwe hajakuuliza, kwa sababu atakuuliza. Pili, ombi lenye kipimo: mafundi wawili, usiku tatu, wafunge valvu za mtaa moja baada ya nyingine waone mita kuu inashuka wapi.

Hapo zimekwisha dakika saba. Tatu zilizobaki ni za maswali. Jedwali la mita zilizosimama na picha za mabomba nilizificha nyuma ya slaidi ya tatu, nizifungue nikiulizwa tu.

Unapofanya mazoezi, tumia saa ya simu na usome kwa sauti. Kama dakika ya pili imefika na hujataja ulichogundua, kata mwanzo. Na grafu hiyo moja ichapishe kwenye karatasi, nakala za kutosha timu nzima, umeme ukikatika uendelee.