Kamera Ilikuwa Kifuani

"Kwenye ile picha ya mtu mwezini, kioo cha kofia yake kinamwonyesha mwenzake, lakini mwenzake hajainua kamera machoni. Sasa aliyepiga picha ni nani?"

Ni huyo huyo anayeonekana, Neil Armstrong. Aliyesimama mbele ya kamera ni Buzz Aldrin, Julai 1969.

Kamera yao ya Hasselblad ilipachikwa kwenye kishikio kifuani mwa vazi la anga. Ndani ya kofia ile kubwa, kuleta jicho karibu na kamera kusingewezekana. Kwa hiyo Armstrong aligeuza mwili mzima kuelekea alichotaka kupiga, kisha akabonyeza. Walikuwa wamefanya mazoezi ya kulenga hivyo kabla ya safari.

Kioo chenyewe nacho kimebinuka kwa nje, na kimepakwa utando mwembamba wa dhahabu wa kukinga jua. Kioo cha namna hiyo hukusanya eneo pana na kupunguza kila kitu, ndiyo maana Armstrong anaonekana mdogo na wa mbali kuliko alivyokuwa, na kamera inapotelea kwenye weupe wa vazi lake.

Jaribu kwa kijiko kinachong'aa. Mtu akushikie, mgongo wa kijiko ukuelekee, nawe uweke simu kifuani, upige. Utajiona mdogo, mikono iko kifuani, uso hauna kitu mbele yake. Ukitazama ile picha tena, utaona Armstrong amesimama vivyo hivyo.