Kupima usimulizi kwa silabi kabla ya kuurekodi

Filamu fupi nyingi zinazotengenezwa hapa Mombasa kwa ajili ya wageni, ziwe za hoteli, za waongoza watalii au za mtu aliyejitolea kuonyesha Mji wa Kale, zina kasoro moja inayosikika kabla ya sekunde ya kumi: msimulizi anaikimbiza picha. Mara nyingi msimulizi hulaumiwa na kuambiwa apunguze kasi, naye hurudi kwenye maiki na kusoma vilevile, kwa sababu maneno aliyopewa ni mengi kuliko muda uliopo. Kwa hiyo, picha zikishapangwa, kazi yangu ya kwanza ni kulipima andiko kabla maiki haijawashwa.

Kipimo kinachofaa kwa Kiswahili ni silabi. Idadi ya maneno hupotosha, kwani neno moja la kwetu, kama “waliijenga”, linabeba sentensi nzima, ilhali “na” na “ya” huhesabika kama maneno kamili. Kuhesabu silabi ni rahisi: hesabu irabu zote, kisha uongeze kila herufi m au n inayotamkwa kama silabi peke yake mbele ya konsonanti, kama katika “mtaa”, “mlango” au “nchi”. Msimulizi mtulivu, kwa makadirio ninayoanzia, husoma silabi 5 kwa sekunde. Hata hivyo kila sauti ina mwendo wake, na ni vyema kumpima mtu mwenyewe: mpe aya yenye silabi 100, asome kama anayemweleza mgeni jambo, na umpimie kwa saa. Akimaliza kwa sekunde 20, makadirio yangu yanamfaa. Akimaliza kwa sekunde 23, tumia silabi 4.3 kwa sekunde na usimlazimishe kuwa mtu mwingine.

Tuchukue mfano wa picha tatu za Ngome ya Yesu. Ya kwanza inaionyesha ngome kutoka baharini kwa sekunde 6, ya pili inazikaribia kuta kwa sekunde 4, na ya tatu iko langoni, watu wakiingia, kwa sekunde 5. Jumla ni sekunde 15. Andiko la kwanza lilikuwa hivi:

“Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuimaliza mwaka 1596, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011.”

Kwenye karatasi ni mstari mmoja na nusu, na macho hayaoni tatizo lolote. Tatizo limejificha katika tarakimu. Mwaka 1593 umeandikwa kwa alama nne tu, lakini mdomoni ni “elfu moja mia tano tisini na tatu”, yaani silabi 14. Mwaka 1596 ni silabi 14 nyingine, na 2011 ni silabi 10. Sentensi nzima ina silabi 88, na miaka hiyo mitatu pekee imekula 38, bila kuhesabu neno “mwaka” lenyewe. Kwa mwendo wa silabi 5 kwa sekunde, usomaji unahitaji sekunde 17.6, nasi tuna 15, ambazo hata hivyo hatuwezi kuzijaza zote. Tukiacha sekunde moja mwanzoni na nyingine mwishoni, msimulizi atalazimika kusoma karibu silabi 7 kwa sekunde, na hapo ndipo mbio zinapoanzia. Ndiyo maana kila andiko linaloniletea miaka, bei au vipimo hulirudisha kwa mwenyewe aandike tarakimu zote kwa maneno. Mara nyingi hupunguza mwenyewe bila kuombwa.

Baada ya kupunguzwa, andiko liligawanyika katika sentensi tatu, kila moja na picha yake. Kwenye picha ya bahari: “Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno mwishoni mwa karne ya kumi na sita.” Hizo ni silabi 25, yaani sekunde 5. Kwenye kuta: “Kuta zake ni za mawe ya matumbawe.” Ni silabi 13, sekunde 2.6. Langoni: “Leo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia.” Silabi 18, sekunde 3.6. Miaka yenyewe haikupotea, kwani 1593–1596 imeandikwa chini ya picha ya kwanza na 2011 chini ya ya tatu, ambako jicho huisoma kwa mara moja. Jumla ya silabi imeshuka kutoka 88 hadi 56, na bado tumepata nafasi ya kutaja matumbawe, ambayo andiko la kwanza halikuyagusa ingawa picha ilikuwa ikiyaonyesha.

Sasa maiki. Mombasa si mji wa kimya, na studio ya kukodi si lazima, ila chumba kinahitaji kuchaguliwa. Sebule yenye sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha mwangwi ambao hauondoki tena kwenye sauti. Chumba cha kulala chenye godoro, mapazia mazito na kabati la nguo lililo wazi hufaa zaidi. Maiki ikae umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kidogo kando, ili pumzi ya herufi p na b isiipige moja kwa moja. Ninarekodi kwa 48 kHz, kwa kuwa ndicho kiwango cha kawaida cha sauti ya video, na ninaweka nguvu ya sauti ili vilele vyake viangukie kati ya −12 na −6 dB.

Adui mkubwa wa chumba cha pwani ni feni. Ukiiacha inazunguka, mvumo wake utaingia chini ya kila neno, na utakapokata na kuunganisha sentensi, mvumo huo utakatika na kurudi kila mara hata msikilizaji asiyejua lolote ahisi kuna kiraka. Feni izimwe, na kwa sababu ya joto irekodiwe aya moja au mbili tu kwa wakati, kisha iwashwe msimulizi apumzike. Tuktuk hupita na kwenda zake, na wakati wa adhana tunasimama tu hadi imalizike. Kunguru ndio wasumbufu kupita wote, maana huchagua katikati ya sentensi nzuri. Kabla ya kumaliza, rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya, kila mtu akiwa ametulia mahali pake. Kimya hicho ndicho kitakachojaza mapengo wakati wa kupanga.

Wahariri wengi humkalisha msimulizi mbele ya kioo asome huku akiiangalia filamu. Mimi sipendelei njia hiyo. Anayeona picha ikikaribia kukatwa huharakisha maneno ya mwisho bila kujijua, na anayeona picha ikiendelea huyavuta. Namwonyesha kila sehemu kabla ya kuisoma, ajue anazungumzia kitu gani na kina utulivu au pilikapilika kiasi gani, kisha kioo kinafungwa naye anasoma. Akikosea neno, anarudia sentensi nzima, kwa sababu neno moja lililopandikizwa huwa na mwinuko wa sauti usiolingana na jirani zake.

Katika kusikiliza, dalili ya kwanza ya haraka hupatikana mwishoni mwa maneno. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na msomaji mwenye haraka hushikilia mkazo huo na kuimeza silabi inayofuata: “matumbawe” inabaki bila “we” inayosikika vizuri, na “dunia” inafifia kabla haijafika. Ukiyasikia hayo, usijaribu kuirefusha sauti kwa programu. Kubadilisha mwendo wa sauti kwa asilimia 2 au 3 hupita bila kutambuliwa. Zaidi ya hapo konsonanti huanza kufifia au kukwaruza, na silabi iliyomezwa hairudi. Punguza maneno, kisha urekodi upya.

Kupanga sauti juu ya picha kunaanzia kwenye neno linalotaja kinachoonekana. Katika Kiswahili jina hutangulia sifa zake, hivyo “Ngome ya Yesu” na “Kuta zake” ziko mwanzoni kabisa mwa sentensi. Neno hilo likitamkwa kabla ya picha kufika, mtazamaji atatafuta kuta ndani ya bahari. Ninaiacha picha mpya ikae takriban nusu sekunde peke yake, yaani fremu 12 au 13 katika video ya fremu 25 kwa sekunde, ndipo neno liingie. Kwa picha ya kwanza, ambayo mtazamaji bado anajipanga, niliacha sekunde 0.75. Sentensi ya ngome ikaanzia hapo na kuishia kwenye 5.75, ya kuta ikaanzia 6.5 na kuishia 9.1, ya langoni ikaanzia 10.5 na kuishia 14.1. Kati ya kuta na lango kuna sekunde 1.4 ambazo hakuna anayezungumza, na ndizo zinazofanya mambo matatu yasikike kama yametulia.

Pumzi za msimulizi zisifutwe zote. Ukizikata na kuzisogeza sentensi zikaribiane, mwendo wa silabi unabaki uleule lakini sauti inasikika kana kwamba mtu hana nafasi ya kupumua. Mimi huzipunguza nguvu tu, kwa 6 hadi 10 dB, na penye pengo naweka kile kimya cha chumba badala ya utupu kamili. Sauti za mahali, mawimbi na watu langoni, ninazishusha kwa takriban 12 dB chini ya usimulizi, kwa mteremko wa nusu sekunde. Pengo likiwa chini ya sekunde mbili naziacha huko chini. Ukizipandisha na kuzishusha katika kila pengo dogo, bahari itaonekana kupumua.

Hutokea taarifa ikawa ya lazima na picha haina fremu za ziada za kuirefusha. Hapo ninaangalia ni sentensi ipi haitaji kitu kinachoonekana. Sentensi ya kuta lazima ikae kwenye kuta, ila “Leo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia” ingeweza kuanza langoni na kumalizikia juu ya picha inayofuata, hata kama ni ya vichochoro vya Mji wa Kale, mradi picha hiyo isiwe na sentensi yake inayotaka kuingia katika nusu sekunde ya kwanza.