Je, wajua kwa nini sakafu ya Mwarabu iko juu?

Kama maneno mengi ya Kiswahili yametoka katika Kiarabu, kwa nini anayejifunza Kiarabu hukosea kwenye maneno yale yale anayoyafahamu?

Kwa sababu neno likikopwa halihami na maana zake zote. Huchukuliwa katika shughuli fulani, kwa maana iliyohitajika siku hiyo, kisha kila lugha ikaendelea kulitumia kivyake. Sura hubaki ikifanana huku maana zikiachana. Wafasiri huyaita maneno ya aina hii marafiki wa uongo.

Chukua neno sakafu. Asili yake ni saqf, na saqf kwa Kiarabu ni dari au paa. Limeshukaje hadi chini ya miguu yetu? Tazama nyumba za mawe za pwani ya Afrika Mashariki. Mafundi walipanga boriti, wakaweka mawe ya matumbawe juu yake, wakamwaga chokaa na kuitwanga mpaka ikashikamana. Aliye chini akiinua macho, hiyo ni saqf yake. Aliye ghorofani anaikanyaga. Kiswahili kililishikilia neno kwa ile kazi ya chokaa iliyotwangwa, iwe juu au chini, na baadaye maana ya chini ndiyo iliyoshinda.

Sasa mpe mfasiri ripoti ya ukaguzi wa jengo iliyoandikwa kwa Kiarabu, yenye habari kwamba kuna nyufa kwenye saqf ya chumba cha pili. Akiandika "kuna nyufa kwenye sakafu ya chumba cha pili", sentensi inasimama vizuri kabisa. Sarufi haina kasoro, na sakafu hupasuka kweli. Mhariri ataipitisha, na fundi atakwenda kuchimbua chini wakati hatari iko juu ya kichwa chake. Neno geni lina fadhila moja, linakulazimisha ufungue kamusi. Rafiki wa uongo hakupi hata ile sekunde ya mashaka.

Wabaya zaidi, kwa maoni yangu, ni wale ambao ni wa kweli nusu. Rakhis ya Kiarabu ni kitu cha bei ya chini, nasi pia husema "bei rahisi", kwa hiyo sokoni mwanafunzi hapati tatizo lolote. Anajiamini. Kisha anataka kusema mtihani ulikuwa rahisi, naye anatamka rakhis. Wasikilizaji wanashangaa, maana amesema mtihani ulikuwa wa bei ya chini. Alichohitaji ni sahl, ambalo tunalo pia, sahali, ila limekuwa la nadra midomoni mwetu. Akimwita mtu rakhis, akidhani anamsifu kuwa si mgumu kuelewana naye, amemtukana: amesema hana thamani.

Lingine ni tafadhali. Sisi tunalitumia tunapoomba. Mwarabu husema tafaddal anapotoa: anapokufungulia mlango, anapokupa kiti, anapokusogezea kikombe. Maana yake hapo ni "karibu" au "chukua". Anayeomba maji husema min fadlik. Maneno yote mawili yana mzizi mmoja wa fadhila, lakini mwelekeo wa fadhila umegeuka. Ndiyo maana katika tafsiri za tamthilia utaona mgeni anabisha hodi, mwenyeji anajibu "Tafadhali!", na mtazamaji anabaki akingoja aambiwe anaombwa nini.

Unawezaje kuwanasa? Angalia majirani wa neno. Ukisoma kwamba taa zinaning'inia kwenye sakafu, au mwenyeji anamwambia mgeni "tafadhali" mahali ambapo ungetarajia "karibu", kuna neno lililopita bila kukaguliwa. Njia nyingine ni kueleza maana kwa maelezo badala ya kulitaja neno lenyewe: "sehemu ya juu inayofunika chumba". Maelezo yakigoma kukaa katika sentensi yako ya Kiswahili, umemshika. Na kamusi inayofaa hapa ni ya Kiarabu kwa Kiarabu, kwa kuwa ile ya lugha mbili mara nyingi hutoa neno moja tu, na mfasiri mwenye haraka huchagua linalofanana.

Ila mashaka nayo yana mpaka wake. Kitab ni kitabu, na anayekwepa kila neno linalofanana ataandika Kiswahili cha kuzungukazunguka bila sababu. Kazi ni kujua ni yapi yamehama. Bei, kwa mfano, limehama hatua moja tu: kwa Kiarabu bay' ni tendo la kuuza, si kiasi kinacholipwa. Tangazo la "bay' ya nyumba" halikutajii gharama yoyote. Linasema nyumba inauzwa.