Msamaha wa kodi kwa mwenye ulemavu: ripoti ya daktari inatakiwa iseme nini hasa

Watu wengi huku Dodoma wakisikia "cheti cha msamaha wa kodi kwa mlemavu" wanafikiri ni kikaratasi kimoja unapewa hospitali, halafu ukikionyesha popote hulipi kodi. Sivyo. Daktari hatoi msamaha wa kodi, daktari anathibitisha hali yako tu. Msamaha unatoka TRA na unatolewa kwa kitu fulani unachokileta, na ombi lako linasimama au linaanguka kutokana na hiyo ripoti ilivyoandikwa. Nitaongelea gari, maana ndo watu wanaumia nalo zaidi.

Sheria inayohusika ni ile ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, Jedwali la Tano. Inasamehe ushuru wa forodha kwa vifaa vilivyotengenezwa maalum kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, pamoja na gari moja, na kwa gari lazima uwe hujapata msamaha kama huo ndani ya miaka minne iliyopita. Hapo shika neno "maalum". Gari liwe limetengenezwa au kurekebishwa lilingane na ulemavu wako, siyo gari lolote ambalo mnunuzi wake ana ulemavu.

Shemeji yangu ni mwalimu huko Chamwino, alipata ajali ya bodaboda akakatwa mguu wa kulia juu ya goti. Akataka kuagiza IST otomatiki. Akaenda hospitali akaandikiwa barua ya mistari mitatu, "ni mlemavu wa kudumu, tafadhali asaidiwe", basi. Alipoipeleka akaulizwa swali moja tu, huu ulemavu na hili gari vinahusianaje? Barua haikuwa na jibu. Haikutaja mguu upi, umekatwa wapi, wala anashindwa kufanya nini akikaa kwenye usukani. Na otomatiki peke yake haitoshi, kila mtu anaendesha otomatiki siku hizi.

Akarudi, safari hii kwa daktari bingwa wa mifupa, na mimi nilimsindikiza. Ile ripoti ya pili niliisoma mwenyewe. Ilianza na majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, tarehe ya ajali, tarehe ya upasuaji, mguu wa kulia umekatwa juu ya goti, hali ni ya kudumu. Halafu ikaja sehemu yenye uzito: hawezi kukanyaga pedali ya mafuta wala breki kwa mguu wa kulia hata akivaa mguu bandia, mguu wa kushoto na mikono yote miwili iko sawa, kwa hiyo anahitaji gari la otomatiki lenye pedali ya mafuta iliyohamishiwa kushoto. Mwisho jina la daktari, cheo chake, namba yake ya usajili, sahihi, muhuri wa hospitali na tarehe.

Umeona tofauti? Ya kwanza inaomba huruma, ya pili inamwonyesha afisa kwa nini gari lazima liwe vile. Na ankara ya muuzaji nayo itaje marekebisho hayohayo, ripoti ikisema pedali kushoto na ankara ikasema tu "IST" utaulizwa tena.

Kuna watu ugonjwa wao hauonekani kwa macho, mfano aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi na sasa anatembea. Huyo ripoti yake iseme mkono na mguu vina nguvu kiasi gani sasa hivi, maana ya zamani ya wakati amelazwa haionyeshi hali ya leo.

Ombi lipelekwe kabla gari halijafika. Likishatia nanga Dar na wewe bado unatafuta muhuri, gharama za kuhifadhi bandarini zinahesabu, na hizo hazihusiani na msamaha. Pia hiyo sheria niliyoitaja ni ya ushuru wa forodha. Mfano gari pamoja na nauli ya meli na bima ni milioni 12, ushuru wa asilimia 25 ni milioni 3, hiyo ndo inayoondoka. VAT na ushuru wa bidhaa vina sheria zake, kwa hiyo mwambie wakala wa forodha akuandikie kila kodi kwenye mstari wake, ipi imesamehewa ipi unalipa, kabla hujatuma hela ya gari.

Na ukishalipata usimuuzie wala usimpe mtu asiye na haki ya msamaha huo kabla hujaenda TRA. Gari la msamaha likibadilisha mikono hivyo, ule ushuru unadaiwa, na nimeona ndugu wanagombana kwa ajili ya hilo baada ya mwenye gari kufariki na watoto kutaka kuligawana.