Boriti imening'inia kwa nondo mbili, moja chuma moja alumini: nani anabeba zaidi?

Hili swali wanafunzi wetu wa ufundi mitambo wanalipenda kulikosea, na mafundi wa gereji nao wanatuletea lilelile kwa maneno mengine. Boriti ngumu imening'inizwa kwenye dari kwa nondo mbili zilizosimama wima, ya kushoto ni chuma na ya kulia ni alumini, afu mzigo umefungwa kwenye boriti lakini sio katikati. Kila nondo inavutwa kwa kani kiasi gani? Wengi wanajibu hapohapo, "mwalimu, chuma si ndo kigumu, basi chuma kinabeba zaidi." Wengine wanaenda mbali zaidi wanatafuta moduli ya Young ya kila metali, yaani kipimo cha jinsi metali inavyokataa kurefuka, wanaanza kugawa mzigo kwa uwiano wa ugumu, na hesabu yao inatoka safi kabisa ila jibu sio sahihi.

Kwenye mpangilio huu metali haina usemi wowote kwenye kani, kinachoamua ni mahali mzigo ulipo basi. Fikiria watu wawili wamebeba ndoo ya maji imening'inia kwenye mti mabegani mwao, ndoo ikisogea kwa wa nyuma, wa nyuma ndo anaumia, hata kama wa mbele ndo mwenye misuli. Misuli yake haiwezi kuuvuta mzigo uje kwake maana ndoo iko kule.

Tuchukue namba tuone. Nondo ya chuma ina kipenyo cha milimita 12, ya alumini milimita 16, zote zina urefu wa mita 1.5, na kutoka nondo moja hadi nyingine ni mita 2. Mzigo ni injini na vifaa vyake, jumla kilo 1,000 hivi, tuseme kilonewtoni 10 ili hesabu iwe nyepesi. Umefungwa mita 1.4 kutoka kwenye chuma, yaani mita 0.6 kutoka kwenye alumini.

Sasa simama kwenye ncha ya chuma uichukulie kama egemeo. Mzigo unataka kuizungusha boriti kwenda chini kwa momenti ya 10 × 1.4, ambayo ni 14, na kitu pekee kinachoizuia isizunguke ni nondo ya alumini iliyo mita 2 kutoka hapo. Kwa hiyo alumini lazima ivute 14 ÷ 2, kilonewtoni 7. Jumla ya kwenda juu lazima ilingane na mzigo, kwa hiyo chuma kinabaki na 3. Hesabu imeisha hapo, na ukiangalia vizuri utaona hatujagusa unene wa nondo, wala urefu wake, wala metali. Ukizibadilishana nondo, alumini ikaja kushoto na chuma kikaenda kulia, wa kulia bado anabeba 7.

Sababu yake ni kwamba visivyojulikana ni viwili, kani mbili, na masharti ya msawazo tuliyonayo hapa ni mawili pia, la kwenda juu na chini na lile la kuzunguka. Yanatosha, hamna nafasi iliyobaki ya metali kujiingiza. Yule aliyegawa kwa ugumu angepata chuma 6.16 na alumini 3.84, jumla inafika 10 vizuri ndo maana anaridhika, lakini mwambie achukue momenti kwenye ncha ya chuma: alumini yake inazuia 3.84 × 2, yaani 7.68, wakati mzigo unazungusha kwa 14. Boriti hiyo haiwezi kutulia. Kwa hiyo kipimo cha haraka cha kukagua kazi ya mtu ni hicho, usiishie kwenye jumla, chukua momenti na upande wa pili.

Metali inaingia kwenye hatua inayofuata, pale unapouliza kila nondo itarefuka kiasi gani na boriti itainama vipi. Fomula ni hii:

```
kurefuka = F × L / (A × E)
```

F ni kani kwa newtoni, L urefu kwa milimita, A eneo la mkato kwa milimita za mraba, E moduli ya Young kwa megapaskali, ambayo kwa chuma ni kama 200,000 na alumini kama 70,000. Eneo la nondo ya milimita 12 ni 113, la milimita 16 ni 201. Ukiweka namba, chuma chenye kilonewtoni 3 kinarefuka milimita 0.20 na alumini yenye 7 inarefuka milimita 0.75. Ncha ya kulia inashuka zaidi kwa nusu milimita na kidogo, kwenye boriti ya mita 2 jicho halioni, pimamaji la kawaida nalo litahangaika, ila kama boriti hiyo imeshika mashine inayotaka ulalo wa uhakika basi nusu milimita ni kitu cha kushughulikia.

Na hapa ndo ugumu wa nondo unapata kazi yake halali. Ukitaka boriti ibaki mlalo kabisa, sogeza mzigo hadi mahali ambapo nondo zote zinarefuka sawa. Kila nondo ina ugumu wake, A × E ÷ L, kwa chuma chetu ni kama newtoni 15,080 kwa kila milimita, kwa alumini kama 9,385. Kani zikigawanyika kwa uwiano huo, 6.16 na 3.84, kurefuka kunalingana, milimita 0.41 kila upande, na ili zigawanyike hivyo mzigo lazima uwe mita 0.77 kutoka kwenye chuma. Zile namba za mwenzetu aliyekosea zimerudi, safari hii ziko sahihi kwa sababu mzigo umehamishwa. Alichokifanya yeye ni kulijibu swali la boriti isiyoinama wakati ya kwake ilikuwa huru kuinama.

Kitu ninachoomba sana mkiangalie kabla ya kununua nondo ni uimara wa ile alumini, maana hapa watu wanachanganya ugumu na uimara kama kitu kimoja. Alumini laini isiyochanganywa na alumini ngumu kama ile inayouzwa kwa alama ya 6061-T6 zote zina E inayokaribiana, kama 70,000, kwa hiyo hesabu ya kurefuka inatoka ileile. Lakini laini inaanza kuvutika isirudi kwenye mkazo wa megapaskali 30 hivi, ile nyingine inavuka 240. Mkazo wa nondo yetu ni 7,000 ÷ 201, karibu 35, na kwenye nyuzi za skrubu ambako nati inashika ni mbaya zaidi kwa sababu metali imechongwa, eneo linalofanya kazi kwenye nyuzi za M16 ni milimita za mraba 157 tu, mkazo unapanda hadi 45. Alumini laini hapo imeshashindwa, inajivuta polepole na nati inashuka nayo. Utaijua kwa kupima urefu wa nondo ukiutoa mzigo: kama haijarudi kwenye urefu wake wa mwanzo, itoe, usiikaze nati ukaendelea.

Uzito wa boriti yenyewe nao usisahaulike. Boriti ya kilo 60 iliyo sawa mwanzo hadi mwisho inaongeza kilonewtoni 0.3 kwa kila nondo, zinakuwa 3.3 na 7.3. Na kama mzigo utafungwa nje ya nondo, tuseme boriti imezidi upande wa kulia na mtu kaning'iniza mita 2.3 kutoka kwenye chuma, alumini inavutwa 11.5, zaidi ya mzigo wenyewe, na chuma kinatoka hasi 1.5. Hasi maana yake boriti inakisukuma chuma juu badala ya kukivuta, na nondo nyembamba ya mita moja na nusu ikisukumwa inapinda. Kama ina nati ya chini tu bila ya juu ndo kabisa, ncha ya kushoto itanyanyuka bila kizuizi.

Sasa kuna mpangilio unaofanana sana na huu kwa macho ila hesabu yake ni nyingine kabisa, na nadhani ndo unaowafanya watu wakimbilie ugumu. Ni pale boriti inapofungwa na bawaba ukutani halafu ndo ikashikwa na nondo mbili. Chukua nondo zilezile, chuma mita 1 kutoka kwenye bawaba, alumini mita 2, mzigo uleule wa 10 ukae mita 1.5. Momenti kwenye bawaba inakupa chuma × 1 + alumini × 2 = 15, na hapo umekwama, maana bawaba nayo ina kani yake, visivyojulikana ni vitatu na masharti bado mawili. Sharti la tatu unalipata kwenye umbo: boriti haipindi, inazunguka kwenye bawaba, kwa hiyo alumini iliyo mbali mara mbili lazima irefuke mara mbili ya chuma. Ukiweka ule ugumu wa 15,080 na 9,385, alumini inatoka mara 1.245 ya chuma, chuma kinabeba 4.30, alumini 5.35, na bawaba inashikilia 0.35 iliyobaki.

Badilisha alumini uweke chuma cha unene uleule wa milimita 16, kile chuma chembamba kinashuka kutoka 4.30 hadi 1.85 na kinene kinapanda hadi 6.58. Mzigo haujasogea hata kidogo, ila kani zimehama kwa sababu ya metali. Hapa hata joto linaingia. Banda likipata joto nyuzi 30 zaidi, nondo yetu ya chuma inarefuka kama milimita 0.54 na ya alumini 1.04. Kwenye boriti ya nondo mbili tupu hiyo inainamisha boriti kidogo na kani zinabaki palepale, lakini yenye bawaba inazuia nondo zisirefuke zinavyotaka, kwa hiyo kani zinabadilika hata kabla hujafunga mzigo.

Kwa hiyo kabla ya kushika kalkuleta hesabu sehemu zinazoishika boriti. Zikiwa nondo mbili za wima peke yake, chukua momenti umalize. Ikiongezeka bawaba au nondo ya tatu, andika sharti la kurefuka, na hapo uwe na uhakika boriti yenyewe haipindi, kwa sababu ikipinda lile sharti la mara mbili halishiki tena.